Namba 2 kwenye kitako cha dumu haikuambii dumu limebeba nini

"Habari mtaalamu. Nina madumu mawili ya lita 20, yote yana pembetatu yenye namba 2 kwenye kitako. La kwanza lilikuja na mafuta ya kula. La pili nimenunua kwa muuza madumu, kasema lilikuwa la sabuni ya maji. Karibu na ile namba 2 limeandikwa UN 3H1/Y1.9/100 na tarakimu nyingine nisizozielewa. Nimeyaosha yote mara nne kwa maji moto na sabuni, lakini la kwanza bado linanuka mafuta yaliyochacha, na la pili lina kaharufu ka mbali kama vanishi. Pia nina ndoo ya namba 5 iliyokuwa na rangi ya ukuta, nataka kuwekea unga. Nimesoma kwamba 2, 4 na 5 ni salama kwa chakula, na kwamba chupa za maji za namba 1 zina sumu zikirudiwa. Nifuate namba hizo?"

Ndugu yangu, dumu la pili usiliwekee maji ya kunywa wala ya kupikia, na kama lina maji sasa hivi yamwage. Dumu la kwanza linaokoleka, nitakuonyesha namna. Ndoo ya rangi itafutie kazi nyingine. Chupa za namba 1 hazina sumu hiyo unayosimuliwa, ingawa zina kasoro zake. Unaona kwamba madumu yako mawili yana namba ileile, na majibu yake yamepishana kabisa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Namba hizo zilibuniwa mwaka 1988 na chama cha watengenezaji plastiki cha Marekani, kwa kifupi SPI. Waliokusudiwa kuzisoma hawakuwa watu wa jikoni. Walikuwa watu wanaochambua taka za plastiki, ambao wanahitaji kujua kwa kutupa jicho tu kwamba chombo hiki kiyeyushwe pamoja na kile, maana aina mbili zikichanganywa kwenye mtambo hutoka plastiki isiyofaa. Namba 1 ni PET, 2 ni HDPE yaani polithini nzito, 3 ni PVC, 4 ni LDPE yaani polithini nyepesi, 5 ni PP, 6 ni PS, na 7 ni kapu la kila kisichoingia kwenye hizo sita. Mwaka 2013 shirika la viwango la ASTM, ambalo lilikuwa limekwisha kukabidhiwa mfumo huo, liliondoa vile vishale vitatu vinavyofukuzana na kuweka pembetatu kavu. Sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wakiviona vishale na kudhani wameahidiwa kwamba chombo kitarejelewa, jambo ambalo namba haikuliahidi. Vyombo vingi bado vina vishale, kwa hiyo usishangae kukuta alama za aina zote mbili.

Namba inakuambia jina la plastiki, na inaishia hapo. Haisemi kama kiwandani waliongeza rangi na dawa za kuimarisha plastiki zinazoruhusiwa kugusana na chakula au zile za ndoo ya ujenzi. Haisemi kama plastiki hiyo ni mpya au imetokana na mchanganyiko wa taka zilizoyeyushwa. Na haiwezi kabisa kusema chombo kimekaa na kitu gani ndani tangu kitoke kiwandani, kwa sababu namba hupigwa siku chombo kinapoumbwa, kabla hakijajazwa chochote. Dumu la mafuta ya kula na dumu la dawa ya kuulia wadudu yanaweza kutoka kwenye umbo lilelile, siku ileile, yakiwa na namba 2 ileile. Huo usemi wa kwamba 2, 4 na 5 ni salama una ukweli ndani yake: plastiki hizo zenyewe zikiwa safi haziachii mambo mengi kwenye chakula. Ila usemi huo unahusu chombo kipya kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Kwa chombo kilichopita mikononi mwa watu, historia yake ina uzito kuliko namba.

Sasa tuje kwenye swali ambalo nadhani ndilo linalokusumbua zaidi: kwa nini umeosha mara nne na harufu haitoki. Watu wengi huichukulia plastiki kama kioo, kwamba uchafu hukaa juu ya uso na ukisugua umeondoka. Polithini haiko hivyo. Ukiweza kuitazama kwa karibu sana ungeona nyuzi ndefu mno zilizorundikana. Sehemu nyingine nyuzi zimekunjwa na kupangwa zikabanana, hapo hakipiti kitu. Sehemu nyingine zimevurugika kama uzi uliofumuka, na katikati yake kuna upenyo. Maji hayapendani na nyuzi hizo, ndiyo maana dumu la maji halivuji wala halilowi. Lakini petroli, mafuta ya taa, tina ya kuyeyushia rangi na viyeyusho vinavyofanana navyo ni jamii moja na polithini. Huingia katikati ya zile nyuzi zilizovurugika na kukaa humo, ndani ya ukuta wenyewe wa dumu. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa kama kimiminika huwa zimeyeyushwa kwenye viyeyusho vya aina hiyo, kwa hiyo sumu husindikizwa na kiyeyusho chake hadi ndani ya plastiki.

Kama unadhani natia chumvi, watengenezaji wa magari walikutana na jambo hili zamani. Matangi mengi ya mafuta ya gari huumbwa kwa HDPE, namba 2 hiyohiyo. Walipoanza kuyatumia waligundua kwamba mvuke wa petroli hupenya ukuta wa tangi polepole na kutokea nje, ingawa hakuna tundu hata moja. Ndiyo maana siku hizi tangi hujengwa kwa tabaka kadhaa, na katikati huwekwa plastiki ya aina nyingine inayozuia mvuke. Dumu la kawaida halina tabaka hilo.

Niliwahi kulijaribu hili mwenyewe. Nilikata kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye dumu lililobeba petroli, nikakiosha kwa sabuni hadi hakikuwa na harufu hata nikikiweka puani, nikakikausha, nikakifungia ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma. Baada ya siku 3 nilifungua. Harufu ya petroli ilinipiga usoni kana kwamba kipande sijakigusa kwa sabuni. Sabuni ilikuwa imesafisha uso, na kilichokuwa ndani ya ukuta kilichukua siku zake kutoka. Maji yako ya kunywa yanapokaa siku 3 ndani ya dumu la namna hiyo hupokea kilekile kilichojaa kwenye chupa yangu ya kioo.

Tulirudie sasa dumu lako la pili, tulisome herufi kwa herufi. UN ni alama ya Umoja wa Mataifa kwa vifungashio vilivyofanyiwa majaribio ili vibebe bidhaa hatari safarini. Tarakimu 3 ni dumu. Kama lingekuwa pipa ingekuwa 1. H ni plastiki. Ile 1 inayofuata inasema juu ya dumu hakufunguki kote, kuna shingo na kifuniko tu. Y inamaanisha limepimwa kwa bidhaa za hatari ya kati na ya chini. X ingekuwa na zile za hatari kubwa pia. Ile 1.9 ni uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, yaani linaruhusiwa kubeba kitu kizito karibu mara mbili ya maji. Na 100 ni shinikizo la maji lililotumika kulijaribu, kwa kilopaskali. Tarakimu zinazofuata huwa ni mwaka wa kutengenezwa, nchi iliyotoa kibali na alama za kiwanda.

Lazima niwe mkweli hapa: maandishi hayo hayathibitishi kwamba dumu lilibeba sumu. Kuna viwanda vinavyonunua madumu ya aina hiyo kwa sababu tu ni imara, wakajazia kitu kisicho na madhara. Lakini fikiri pamoja nami. Mtu wa sabuni ya maji hana haja ya dumu lililopimwa kubeba kimiminika kizito karibu mara mbili ya maji. Sabuni ya maji ikiacha harufu, huacha manukato yake, ya ndimu, ya waridi, ya kitu kitamu cha bandia, maana manukato nayo ni mafuta na hupenya plastiki. Wewe unasikia vanishi. Harufu ya vanishi ni ya kiyeyusho. Alama ya UN peke yake ningekuambia tuendelee kuchunguza. Harufu ya kiyeyusho peke yake ningekuambia uache. Vyote viwili, pamoja na muuzaji ambaye hana lebo ya kukuonyesha, kwangu mimi kesi imekwisha.

Ukitaka kuongeza ushahidi, chukua dumu hilo ulipeleke mwangani na utazame upande wa bapa ambako lebo hubandikwa. Mara nyingi lebo hung'olewa lakini gundi hubaki, na kwenye gundi hubaki vipande vya karatasi. Ukiona kona ya mraba uliosimama kwa ncha, wenye mpaka mwekundu, hiyo ni alama ya kemikali hatari. Ukiona mkanda wa rangi chini ya mahali pa lebo, mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani, kuna uwezekano mkubwa ni lebo ya dawa ya shambani, kwa kuwa dawa hizo hupangwa ukali wake kwa mikanda ya rangi. Tazama pia kuta zenyewe. Dumu lililokaa na viyeyusho huweza kuvimba au kubonyea ndani bila kurudi, na plastiki yake hulegea ukiibonyeza kuliko ya dumu jipya la aina ileile.

Kuna jaribio la pua ninalowashauri watu, na nitakueleza pamoja na mpaka wake. Osha dumu, likauke kabisa, lifunge kwa kifuniko chake, liache juani kutwa nzima. Joto husukuma vilivyomo ndani ya ukuta vitoke. Jioni fungua, pisha pua kwa mbali kwanza, kisha sogea. Ukinusa kitu kisichokuwa chakula, dumu hilo si la chakula. Lakini usiposikia chochote, usiseme limetakata, maana ziko sumu zisizo na harufu kwa kiasi kinachotosha kudhuru. Pua inaweza kulihukumu dumu, haina uwezo wa kulisafisha jina. Na nakuomba sana, usionje maji ili kujua. Ulimi si kipimo cha sumu.

Wengine huniuliza kama chokaa, klorini, mkaa, majivu au kuliacha na maji wiki nzima kutalitoa sumu dumu la dawa. Kuliacha na maji kutapunguza kidogo, lakini hakuna anayeweza kukuambia kimebaki kiasi gani. Klorini kazi yake ni kuua vijidudu, haiendi kuzitafuta kemikali ndani ya ukuta. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ya usimamizi wa viuatilifu, ile ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, husema vyombo vya dawa vikiisha visuuzwe mara tatu kisha vitobolewe. Husuuzwa ili mabaki yarudi kwenye pampu ya kunyunyizia, na hutobolewa ili mtu asije akachotea maji. Kama kusuuza kungetosha kulifanya dumu lifae kwa maji, wasingesema litobolewe.

Dumu la kwanza ni habari nyingine. Lilitoka kiwandani na kitu kinacholiwa, kwa hiyo plastiki yake ilichaguliwa kugusana na chakula, na unajua lilichobeba. Harufu ya mafuta yaliyochacha haileti sumu kwenye maji, ila inaharibu ladha, na utando wa mafuta uliobaki ni chakula cha vijidudu. Linahitaji kusafishwa kwa mpango, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kusahau mahali pawili.

Pa kwanza ni mpini. Mipini ya madumu mengi ina uwazi ndani unaounganika na tumbo la dumu, na mafuta hukaa humo wakati wewe unatikisa maji huku chini. Anza kwa kuligeuza dumu kichwa chini juani kwa nusu siku ili mafuta yaliyoganda yalegee na kushuka, ulilaze pia kwa ubavu ili mpini umimine. Pa pili ni kifuniko. Ndani ya kifuniko mara nyingi kuna kisahani laini cha kuzuia kuvuja, nacho hunyonya mafuta kama sifongo. Unaweza kusafisha dumu hadi ling'ae na kila asubuhi maji yakanuka kwa sababu ya kile kisahani. Kitoe ukitupe, au bora zaidi badilisha kifuniko kizima.

Halafu weka lita 2 za maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa taabu, si ya kuchemka, kwa sababu yanayochemka yatalilegeza dumu na kulipinda. Tia sabuni ya vyombo vijiko vikubwa 3. Kabla ya kufunga sawasawa na kutikisa, fungua na ufunge kifuniko mara moja mbili ili hewa iliyopata moto itoke, la sivyo itakurushia maji ya moto usoni. Tikisa kwa dakika 2 au 3 ukiligeuza kila upande, mpini nao ujae. Mwaga, rudia. Ujue umefika kwa kutazama povu: mafuta huua povu, kwa hiyo mizunguko ya mwanzo povu litaanguka upesi na maji yatakuwa na weupe kama maziwa. Povu likianza kusimama lenyewe na maji kubaki angavu, mafuta ya juu ya uso yamekwisha. Usijipime kwa matone ya maji kwenye kuta. Polithini hata ikiwa safi hufukuza maji yakawa matone, kwa hiyo matone hayasemi kama kuna mafuta.

Baada ya hapo jaza maji ya uvuguvugu hadi juu, tia vijiko vikubwa 4 vya soda ya kuokea, uache usiku kucha. Hii hupunguza ile harufu ya kuchacha. Suuza, kausha, kisha fanya lile jaribio la jua na pua. Ikibaki harufu hafifu ya mafuta, rudia mara moja au mbili kwa siku tofauti. Ikigoma kabisa, dumu hilo litumie kwa maji ya kufulia, hakuna hasara. Kitu kimoja usifanye: usitie mchanga au kokoto ukatikisa ili kusugua. Utachubua kuta kwa ndani, na kila mchubuko ni mfereji ambao utando wa vijidudu utajificha humo na hutaufikia tena. Chumvi ya mawe itasugua bila kukwaruza sana, na mwisho itayeyuka.

Siku ya kuliwekea maji ya kunywa, ua na vijidudu vilivyomo. Chukua dawa ya klorini ya maji ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, kijiko cha chai 1 kwa kila lita 1 ya maji. Mimina lita 1 hiyo ndani, funga, tikisa ili iguse kila mahali pamoja na mpini na kifuniko, iache angalau sekunde 30, umwage, uliache likauke kwa hewa. Klorini usiichanganye na siki wala sabuni ya kusafishia choo, hutoa gesi inayochoma mapafu. Na kama huko nyuma ulishalisuuza dumu kwa siki, lisuuze kwanza kwa maji mengi.

Ndoo ya rangi ina kasoro mbili zinazojitegemea. Ya kwanza ni kwamba rangi ya ukuta ya maji huwekewa dawa za kuzuia isioze ndani ya ndoo na isiote ukungu ukutani, na dawa hizo hazikuandaliwa kuliwa. Ya pili ni ndoo yenyewe. Aliyeiumba hakuwa na sababu ya kutumia plastiki ya chakula, na mara nyingi ndoo za ujenzi, hasa nyeusi, za kijivu au zenye rangi isiyo sawa mwilini, huumbwa kwa plastiki iliyorejelewa ambayo hakuna ajuaye ilitoka kwenye nini. Najua unga ni mkavu na kitu kikavu huchukua kidogo kuliko mafuta au maji, hilo ni kweli. Lakini unga una mafuta yake kidogo na hunasa harufu upesi, nao hukaa humo kwa wiki kadhaa. Kuweka mfuko wa nailoni katikati hakukuokoi, kwani mfuko huo ni polithini nyembamba na umeshaona mvuke unavyoipenya polithini nene. Tafuta ndoo ya namba 5 au 2 iliyotoka kiwandani ikiwa na chakula, yenye mdomo mpana mkono uingie. Ukiona alama ya glasi na uma iliyochongwa karibu na namba, hiyo ndiyo inayosema chombo kimetengenezwa kugusana na chakula, na ina thamani kwako kuliko pembetatu. Lakini chombo kukosa alama hiyo si dosari, hasa kama kiliuzwa na chakula ndani.

Kuhusu chupa za namba 1, hofu nyingi imetokana na majina. Jina refu la PET, polithini tereftalati, lina neno linalofanana na ftalati, kemikali za kulainisha plastiki ambazo watu wanazikwepa kwa sababu nzuri. PET haihitaji kulainishwa nazo, ni kufanana kwa jina tu. Na bisfenoli A, ile BPA, haitumiki kutengenezea PET. Hiyo ni ya polikaboneti, plastiki ngumu na angavu iliyo ndani ya namba 7, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Tena ipo njia inayojulikana ya kutibu maji, iitwayo SODIS, ambayo huweka maji angavu ndani ya chupa za PET na kuzilaza kwenye jua kali kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, ili miali ya jua iue vijidudu. Ingekuwa chupa hizo zinamwaga sumu zikipata jua, njia hiyo isingependekezwa.

Udhaifu wa PET ni joto na shingo. Ikifika nyuzi joto 70 hivi huanza kulegea na kukunjamana, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoachia antimoni, madini kidogo yanayobaki kutoka kiwandani. Kwa hiyo usiimiminie maji ya moto, wala chai. Shingo nayo ni nyembamba, brashi haifiki, na baada ya matumizi mengi utapitisha kidole mdomoni mwa chupa ukute utelezi. Utelezi huo ni vijidudu waliojijengea makazi. Chupa ikifika hapo, ikichubuka au ikififia rangi, ipumzishe. Chupa za maziwa na za maji ya matunda sizipendekezi kwa kuhifadhia maji hata zikiwa na namba 1 au 2, maana protini na sukari havitoki vyote na vijidudu huvipenda.

Namba zilizobaki sitazikalia sana. Ya 3 huweza kuwa na vile vilainishi nilivyovitaja, ya 6 ni dhaifu mbele ya mafuta na joto, na ya 7 hujui ni nini mpaka mtengenezaji akuambie. Ya 4 kama plastiki haina neno, ila mara nyingi huja kama mifuko na chupa za kuminya, si vyombo vya kuhifadhia maji.

Kama kuna mtu ameshatumia maji ya lile dumu la pili na anaumwa kichwa, anatapika, anatoka jasho au mate kupita kawaida, anaona ukungu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, au misuli inamchezacheza, usingoje wala usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na dumu lichukueni pamoja naye, maana maandishi na mabaki ya lebo humsaidia daktari kujua anapambana na nini. Kama kila mtu ni mzima lakini una wasiwasi, mpelekee dumu ofisa wa kilimo au mtu wa maabara ya kemikali alisome. Ukifikiria kupima maji, fahamu kwamba kipimo cha kawaida cha maji huangalia zaidi vijidudu na chumvichumvi. Dawa za wadudu hutafutwa moja moja kwa mtambo maalumu, na mpimaji huhitaji kuambiwa atafute ipi. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na dumu jipya.

Lile dumu lenyewe usilirudishe kwa muuzaji bila kulitoboa, atamuuzia mwingine. Lipige matundu kwenye kitako na kwenye mbavu kwa msumari mnene, usilichome, kwa kuwa moshi wake utabeba kilichomo ukutani, wala usilikate likawa beseni au chombo cha kunyweshea mifugo. Ukimpa mkusanyaji wa plastiki, mwambie waziwazi kwamba lilikuwa la kemikali ili asilichanganye na ya chakula. Ndoo ya rangi haina haja ya kutobolewa, itakufaa kubebea udongo, mbolea na zana, ila iandike kwa wino usiofutika kwamba si ya chakula, ili atakayeikuta baadaye asilazimike kuniandikia swali hili.